Agrema ya ngazi gani, ya opsio gani? Kisa cha shule moja ya Bel-Air, Lubumbashi

Kisa hiki ni cha mwezi wa Agosti 2025. Mama mmoja wa komini ya Kampemba, mfanyabiashara wa vitambaa, alikuwa na binti aliyemaliza mwaka wa nane, yaani mwisho wa elimu ya msingi ya huku kwetu Kongo. Binti alitaka kuingia umanite, ile miaka minne ya mwisho ya sekondari, katika opsio ya biashara ambayo kwenye karatasi zote za shule huandikwa Commerciale et Gestion. Alama zake zilikuwa za wastani, asilimia 61 katika buletini ya mwisho. Mama alikuwa tayari kulipa minervali ya shule ya binafsi, dola mia nne na kitu kwa mwaka kwa awamu tatu. Kwake hizo si fedha ndogo. Ndiyo maana, kabla ya kutoa awamu ya kwanza, alinijia na simu mkononi, kwa sababu anajua nilifanya kazi ya sekretere wa shule ya sekondari kwa miaka mingi na karatasi hizi zimepita mikononi mwangu.

Kwenye simu alikuwa amefungua tovuti moja kati ya zile zinazoorodhesha shule za mji mzima kwa komini: picha, anwani, namba ya simu, nyota, na maneno machache ya kuisifu kila shule. Shule ya kwanza kabisa kwenye orodha ilikuwa ya Bel-Air, dakika ishirini kwa mguu kutoka kwake. Sitaitaja jina. Ukurasa wake ulisema mambo matatu yaliyomvutia. Kwanza, kwamba shule ina agrema, yaani kibali cha Serikali cha kufundisha, na namba ya arete, ile amri ya waziri inayotoa kibali hicho, ilikuwa imeandikwa. Pili, kwamba inafundisha kuanzia shule ya watoto wadogo hadi umanite, opsio mbili: Pédagogie, na tangu 2023 Commerciale et Gestion. Tatu, kwamba imefaulu kwa asilimia 100 katika EXETAT, mtihani wa Serikali wa mwisho wa umanite, miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024. Kando ya jina kulikuwa na alama ya kijani iliyosema shule imethibitishwa.

Tulianza na hiyo alama ya kijani, kwa kuwa ndiyo iliyompa mama imani kuliko yote. Chini kabisa ya tovuti kuna ukurasa wa masharti, ambao watu hawaufungui. Tuliufungua. Pale tovuti yenyewe inaeleza kwamba alama hiyo inatolewa kwa shule ambayo mwenyewe amejibu ujumbe na kuhakikisha namba yake ya simu, na kwamba maelezo yote mengine huandikwa na shule. Kwa hiyo aliyethibitishwa ni mwenye simu. Hakuna mtu wa tovuti aliyekwenda kuangalia arete, wala aliyehesabu waliofaulu. Nafasi ya kwanza kwenye orodha nayo inanunuliwa, na hilo pia limeandikwa humo. Silaumu tovuti kwa hilo, maana imesema wazi kazi yake ni ipi. Mzazi ndiye anayeusoma ukurasa wa tangazo kana kwamba ni daftari la wizara, kwa sababu umepangwa kwa komini na kwa ngazi kama daftari lingepangwa.

Baada ya hapo tukaiangalia arete. Sheria ya msingi ya elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inataka shule ya binafsi iwe na agrema ya Serikali ili ifanye kazi. Agrema hiyo hutolewa kwa arete ya waziri, na arete ina namba, tarehe na herufi za wizara iliyoitoa. Ukurasa wa tovuti ulitoa namba ya mwaka 2011, na mwanzoni mwa namba ziliandikwa herufi MINEPST. Hapo nilisita. Mwaka 2011 wizara iliitwa Enseignement Primaire, Secondaire et Professionnel, na karatasi zake zilibeba herufi MINEPSP. Ile T ya mwisho, ya Technique, ilikuja mwaka 2019 serikali ilipobadilika, na tangu 2024 wizara ina jina jingine tena, Éducation Nationale et Nouvelle Citoyenneté. Arete ya 2011 yenye herufi za 2019 ni karatasi iliyoandikwa baada ya tarehe yake, au ni namba iliyonakiliwa vibaya. Tofauti kati ya hayo mawili ni kubwa sana, na kwenye simu huwezi kuiona.

Mama alitaka kuifuta shule hiyo papo hapo. Nilimwomba asubiri, kwa sababu nimeona namba nyingi sahihi zikiharibiwa na mtu anayejaza fomu ya tovuti kwa haraka, tena anayeandika jina la wizara analolijua leo. Kesho yake tulikwenda shuleni, tukasalimia, tukaomba kuiona arete. Ilikuwa imetundikwa ukutani ofisini kwa direkta wa shule ya msingi, ndani ya fremu, karatasi ya zamani, herufi MINEPSP, tarehe ya 2011, sahihi na muhuri. Mwandishi wa tovuti ndiye aliyekosea herufi moja. Kama tungeishia nyumbani, tungeiita shule ya waongo kwa kosa la kuchapa.

Lakini kuiona arete si kuisoma, na sehemu inayomhusu mzazi iko katika mwili wa karatasi. Arete ya agrema haisemi tu kwamba shule fulani inakubaliwa. Inasema inakubaliwa kufundisha ngazi gani, na kwa umanite inataja opsio. Karatasi ile ya 2011 ilitaja ngazi mbili: shule ya watoto wadogo na shule ya msingi. Basi. Neno sekondari halikuwamo. Direkta, mama mwenye heshima na uvumilivu, alituonyesha na karatasi ya pili iliyokuwa kwenye jalada, ya 2013, iliyoruhusu sekondari kwa opsio ya Pédagogie. Nilipomuuliza iliyo ya biashara, alisema mambo ya sekondari yako kwa prefe, mkuu wa sekondari, naye hakuwapo siku hiyo.

Hapa ndipo kisa chote kilipo. Tovuti iliandika kwamba shule ina agrema, na maneno hayo ni kweli. Ni kweli kwa mtoto wa darasa la tatu, ni kweli pia kwa kijana anayesoma ualimu. Kwa binti wa mama huyu, anayetaka biashara, maneno yaleyale bado hayajasema lolote. Shule hukua hivi: promoteri, mwenye shule, anaanza na watoto wadogo, anaongeza darasa kila mwaka, anapata arete ya msingi, anajenga ghorofa, anafungua sekondari, halafu anaona jirani zake wamejaza madarasa ya biashara naye anafungua opsio hiyo. Kila hatua inahitaji jalada lake, ziara ya ukaguzi kuona kama mahali panafaa, na karatasi yake. Madarasa yanaweza kufunguliwa mwezi wa Septemba huku jalada likiwa bado linasafiri kuelekea Kinshasa. Kwenye tovuti hakuna nafasi ya kuandika agrema ya ngazi ipi, kuna kisanduku kimoja tu cha kutia alama, na promoteri anakitia kwa moyo mweupe.

Wakati tunamsubiri prefe, tulifanya kazi ya matokeo. Katika EXETAT, anayepata angalau asilimia 50 anapewa diploma. Kila mwaka matokeo hutoka kwa palmaresi, yaani orodha ya mkoa wa elimu mzima, shule kwa shule. Kwa kila shule utakuta jina, namba yake, opsio, idadi ya waliofanya, idadi ya waliofaulu, kisha majina na asilimia. Palmaresi za miaka iliyopita zinazunguka kwenye simu kama mafaili ya PDF, na shule yoyote ya sekondari inazo. Kwangu mimi hiyo ndiyo orodha ya wizara iliyo karibu zaidi na mzazi wa kawaida, kwa sababu inaonyesha kwa jina la nani na kwa opsio gani watoto waliketi kwenye mtihani.

Ukitafuta kwa jina peke yake utapotea. Jina la shule hii ya Bel-Air linabebwa na shule nyingine tatu ninazozifahamu, mojawapo Likasi, kilomita mia na ishirini hivi kutoka hapa, na hiyo ya Likasi ina opsio ya biashara yenye watoto wengi. Mama aliipata hiyo kwanza, akafurahi. Ilibidi nimwonyeshe kwamba namba ya shule ni tofauti na ile iliyo kwenye muhuri wa direkta. Namba ndiyo inayotenganisha shule mbili zenye jina moja. Unaipata kwenye buletini ya mtoto yeyote wa shule hiyo, juu, karibu na jina la shule, palipoandikwa CODE.

Kwa namba sahihi, shule ya Bel-Air ilitokea miaka yote mitatu, na katika opsio moja tu, Pédagogie. Mwaka 2022 walifanya 11 wakafaulu 10. Mwaka 2023 walifanya 9, wakafaulu wote. Mwaka 2024 walifanya 6, wakafaulu wote. Kwa hiyo asilimia 100 ya miaka mitatu ilikuwa ya miaka miwili, na mwaka mmoja walikosa mtoto mmoja. Sikulipa hilo uzito mkubwa. Nilichomwonyesha mama ni kitu kingine, ambacho hata bila palmaresi angeweza kukihesabu kwa vidole. Ukurasa wenyewe unasema opsio ya biashara ilianza 2023. Umanite ni miaka minne. Mtoto wa kwanza kabisa aliyeingia Septemba 2023 atafanya EXETAT mwaka 2027. Hakuna mtoto hata mmoja wa biashara katika shule ile aliyewahi kufanya mtihani huo. Asilimia 100 iliyoandikwa chini ya majina ya opsio zote mbili ilikuwa ya opsio moja.

Tena ilikuwa ya watoto sita. Msichana wa mtaa wetu, aliyesoma Pédagogie pale hadi mwaka wa tatu kisha akahama, alituambia darasa lao la mwaka wa tatu lilikuwa na watu karibu ishirini. Kutoka karibu ishirini hadi sita. Baadhi walihamia miji mingine, kweli, lakini wengi waliambiwa warudie mwaka au watafute shule nyingine, kwa sababu shule haitaki mwanafunzi dhaifu katika mwaka wa mwisho. Shule nyingi za binafsi zinafanya hivyo. Palmaresi haiwezi kukuonyesha jambo hilo, maana inaanza kuhesabu pale mtoto anapoketi kwenye kiti cha mtihani. Kwa hiyo ukiona asilimia kubwa sana na idadi ndogo sana, uliza mwaka wa tatu una watoto wangapi. Kwa binti mwenye asilimia 61 swali hilo lina uzito kuliko nyota zote za tovuti, kwa kuwa yeye ndiye wa aina inayochujwa.

Baada ya hapo tulikwenda sudivisio, ofisi ya elimu inayosimamia shule za eneo lile chini ya Proved, mkuu wa elimu wa mkoa wa elimu wa Haut-Katanga 1. Nimesikia wazazi wakisema ofisi hizo ni za walimu na mapromoteri tu. Sivyo. Daftari la shule za eneo liko pale, na mzazi anaweza kuuliza. Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua jibu. Ukiuliza kama shule fulani ina agrema, utaambiwa ndiyo, na afisa hatakuwa amekudanganya. Mama aliuliza hivi, kama tulivyokuwa tumeandika kwenye karatasi pamoja na jina kamili, avenyu na namba ya shule: "Papa, kwa ngazi ya sekondari, opsio Commerciale et Gestion, shule hii iko na arete?" Afisa alifungua daftari, akapitisha kidole, akasema kwa opsio hiyo hana arete. Anaona tu kwamba ombi liliwekwa. Akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, uliza watoto wao wanaandikishwa kwa nani."

Swali hilo lina jibu kwenye karatasi, na karatasi hiyo iko nyumbani kwa jirani. Kijana wa familia tunayofahamiana alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa biashara katika shule hiyohiyo ya Bel-Air. Tulimwomba mama yake atuonyeshe buletini. Buletini za Kongo ni fomu ya Serikali, zinafanana nchi nzima: juu mkoa wa elimu, chini yake mji, komini, shule na namba ya shule, kulia jina la mwanafunzi na darasa. Kijana alivaa sare ya shule ya Bel-Air, alilipa minervali Bel-Air, aliketi kwenye dawati la Bel-Air. Buletini yake iliandikwa jina la shule nyingine, ya komini ya Ruashi, na namba ya shule hiyo ya Ruashi. Mama yake alikuwa na buletini nne za namna hiyo ndani ya bahasha na hakuwahi kusoma mistari ya juu, kwa sababu mzazi akipokea buletini macho yanakwenda moja kwa moja kwenye asilimia na nafasi darasani. Nani asiyefanya hivyo?

Maana yake ni hii. Shule isiyo na arete ya opsio haiwezi kupeleka wafinalisti kwenye EXETAT kwa jina lake, kwa hiyo inatafuta shule yenye arete ya opsio hiyo ambayo itawabeba watoto kwenye daftari zake. Kwa macho ya wizara, kijana yule ni mwanafunzi wa Ruashi. Wakati wa mtihani jina lake litatoka kwenye palmaresi ya Ruashi, na faulu yake itahesabiwa kule. Siku mapromoteri wawili wakikosana juu ya malipo, au ukaguzi ukipita Ruashi na kukuta majina mengi daftarini kuliko watoto darasani, anayebaki hewani ni mtoto. Majalada ya wafinalisti hukaguliwa kabla ya mtihani, na buletini za miaka ya nyuma ni sehemu ya jalada. Mtoto ambaye buletini zake zinataja shule ambayo hakuwahi kukanyaga hana namna nzuri ya kujitetea mbele ya mkaguzi.

Prefe tulimkuta siku chache baadaye. Namshukuru kwa sababu hakuzunguka. Mama alimwuliza:

"Papa Prefe, binti yangu akifika mwaka wa nne, atafanya EXETAT kwa jina la shule gani?"

Prefe alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, jalada la opsio hii tuliliweka tangu mwaka wa kwanza. Wakaguzi wamepita. Tunangoja arete. Ikichelewa, tuko na shule ndugu inayotusaidia."

"Na buletini ya mwaka huu wa kwanza itaandikwa jina gani?"

"La shule ndugu, kwa sasa."

"Mungu awabariki, Papa. Nimeelewa."

Kwa upande wa shule lazima niseme jambo moja, maana haki ni ya pande zote. Prefe hakuwa mwizi. Mapromoteri wengi walioanza hivi walipata arete baada ya mwaka mmoja au miwili, watoto wao wakafanya mtihani kwa jina la shule yao bila taabu. Walimu wa biashara tuliowaona pale walikuwa wamesomea kazi yao, na madarasa yalikuwa na watoto chini ya thelathini, kama tovuti ilivyosema. Huenda kufikia 2029, mwaka ambao binti angefanya EXETAT, karatasi ingekuwa ukutani. Lakini anayebeba hatari ya kungoja ni mtoto, na hatari hiyo haikuandikwa popote pale mama aliposoma kwanza. Kama ukurasa ungesema wazi kwamba agrema ipo kwa watoto wadogo, msingi na Pédagogie, na kwamba biashara inangoja, mama angeamua akijua. Hicho tu ndicho ninachowadai wenye shule na wenye tovuti: waandike agrema kwa ngazi na kwa opsio, na namba ya shule pembeni.

Tulirudi kwenye orodha ya mama. Shule aliyoishia kuichagua iko Katuba, na kwenye tovuti ilikuwa ukurasa wa tatu: bila picha, bila alama ya kijani, simu ya zamani isiyopokelewa. Tuliipata kwa kupita upande wa pili. Tulichukua palmaresi ya 2024, tukatazama opsio ya Commerciale et Gestion peke yake, tukaandika shule za komini ambazo binti anaweza kufika kwa basi moja, ndipo tukarudi kwenye tovuti kutafuta anwani zao. Kwa kazi hiyo ya anwani, ramani na saa za kufungua ofisi, tovuti ilitusaidia vizuri.

Shule ya Katuba ilikuwa na watoto 38 waliofanya na 31 waliofaulu, kama asilimia 82. Mama aliona 82 ni ndogo mbele ya 100. Tulipofika shuleni tuliuliza mwaka wa tatu wa mwaka uliotangulia ulikuwa na watoto wangapi, prefe akafungua daftari mbele yetu: 42. Karibu wote waliofika mwaka wa tatu walipelekwa kwenye mtihani. Saba walianguka, na hao ni watoto wa watu, siwapuuzi. Lakini binti mwenye asilimia 61 ana nafasi kubwa zaidi ya kufika kwenye kiti cha mtihani katika shule inayopeleka 38 kati ya 42 kuliko katika shule inayopeleka 6 kati ya karibu 20. Arete ya opsio tuliiona na kuisoma mwili wake, namba ya shule ilikuwa ileile kwenye muhuri, kwenye palmaresi na kwenye buletini ya mtoto tuliyekutana naye uani. Sudivisio ya upande ule nayo ilituthibitishia.

Kuna mambo ambayo karatasi hizi zote hazikutuambia. Arete haisemi kama mwalimu wa uhasibu anafika kila siku. Palmaresi ya 2024 inazungumza juu ya walimu wa 2024, na huenda aliyebeba darasa lile ameshahama. Kwa hayo mama alifanya alichokijua mwenyewe: alikaa kwenye kibanda cha mbele ya shule asubuhi mbili, wakati wa masomo ya likizo, akatazama walimu wanaingia saa ngapi, akazungumza na wazazi. Aligundua kwamba maji hayafiki upande wa vyoo vya wasichana, akaenda kumwambia prefe kabla ya kulipa. Choo hakiandikwi katika orodha yoyote ya wizara, na binti yake angekitumia kila siku kwa miaka minne.

Alilipa awamu ya kwanza, akaomba risiti yenye jina kamili la shule na opsio.

Linabaki suala la yule kijana wa jirani, ambaye Septemba ile alikuwa anaingia mwaka wa tatu. Mama yake aliuliza kama amechelewa. Ushauri niliompa ni huu, na nautoa kwa mzazi yeyote mwenye buletini ya jina geni ndani ya bahasha. Mwaka wa tatu bado ni wakati mzuri, kwa sababu kuhama katikati ya mwaka wa nne ni vigumu mno, majina ya wafinalisti yakiwa yameshapelekwa. Aende kwanza kwa prefe wa Bel-Air kuuliza kama arete imetoka, na ikiwa imetoka aisome mwenyewe na aombe buletini za mwaka wa tatu ziandikwe jina na namba ya Bel-Air. Ikiwa haijatoka, aende Ruashi, kwenye shule ambayo buletini inamtaja mwanawe, aombe kuoneshwa jina la mtoto kwenye daftari la wanafunzi, mwaka kwa mwaka. Jina likiwapo, kijana anaweza kuhamia Ruashi au kwenye shule nyingine yenye arete akiwa na karatasi zinazofuatana. Lisipokuwapo, buletini zile nne hazina daftari nyuma yake, na hapo asingoje tena: aende sudivisio na bahasha yake yote, kabla Septemba haijaisha.